Asilimia ya Nini?

Mpwa wangu alinijia Jumapili jioni na karatasi ya mtihani wa hesabu, ameikunja mara nne kama risiti ya deni. Yuko Gredi ya Saba na hesabu si adui yake. Alikuwa amepita vizuri tu. Lakini kulikuwa na swali moja la alama mbili ambalo alikuwa amepata sufuri, na hiyo sufuri ilikuwa imemkaa rohoni tangu Ijumaa.

"Anko, niambie hapa nimekosa wapi. Na usiniambie ati nisome swali vizuri. Nimelisoma."

Swali liliandikwa kwa Kiingereza, kama hesabu zetu zote, lakini kwa Kiswahili lingesema hivi: bei ya jozi ya viatu ilipanda kutoka shilingi 800 hadi shilingi 1,000. Ilipanda kwa asilimia ngapi? Yeye alitoa 800 kwenye 1,000, akapata 200. Akagawanya 200 kwa 1,000, akazidisha kwa 100, akapata asilimia 20. Mwalimu akachora X moja nyekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni akaandika 25. Hakuandika kitu kingine.

Nikampa lile jibu ambalo sote tulipewa. Unagawanya kwa bei ya zamani, si bei mpya. 200 kwa 800, mara 100, unapata 25. Basi.

"Hiyo najua," akasema. "Mwalimu alituambia. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu kanuni inasema hivyo."

Aliniangalia vile watoto huangalia mtu mzima aliyeishiwa. Na kusema ukweli, nilikuwa nimeishiwa. Nimetumia asilimia maisha yangu yote, nimezisoma kwenye habari, nimezikubali kwenye barua za kazi, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba ya zamani ndiyo inakaa chini na mpya haiwezi. Kama tofauti ni ile ile, shilingi 200, kwa nini upande mmoja uitwe ukweli na upande mwingine uitwe kosa?

Kabla sijamjibu nilimuuliza yeye alifikiria nini alipoandika 1,000 pale chini. Akasema alimfikiria shosho.

Shosho ni mamangu. Anauza viatu vya mitumba. Anavitoa Gikomba alfajiri, anavipiga brashi na sabuni, na jioni anavipanga kando ya barabara Umoja. Wikendi mpwa wangu humsaidia kuuza, na amemsikia mara nyingi akisema maneno haya: "Kila elfu inayoingia hapa, soo mbili ni yangu. Zingine ni za watu." Kiatu anachonunua 800 anakiuza 1,000, na jioni anapohesabu pesa kwenye mkoba wa kiunoni, anatoa soo mbili kwa kila ngiri na kuziweka kando. Hizo ndizo za unga, kodi ya nyumba na karo. Zilizobaki zinarudi Gikomba. Kwa hiyo mtoto alipoona viatu, 800 na 1,000, aliona mkoba wa nyanya yake. Mia mbili katika elfu. Asilimia 20. Hakukisia wala hakubahatisha.

Na shosho hajakosea. Wafanyabiashara kote duniani huhesabu faida kwa njia hiyo, kama sehemu ya mauzo, kwa sababu pesa wanayoishika jioni ni ya mauzo. Asilimia 20 ni jibu la kweli. Tena ni jibu la kweli kwa maswali mawili. La kwanza: katika kila shilingi ninayopokea, yangu ni kiasi gani? La pili: kama bei iko 1,000 leo, ishuke kwa asilimia ngapi ili irudi 800? Toa asilimia 20 kwenye 1,000 uone. Inatoka 200, inabaki 800. Safi kabisa.

Shida ni kwamba mtihani haukuuliza lolote kati ya hayo. Uliuliza bei ilipanda kwa kiasi gani. Hapa kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa dakika moja, na sijui kwa nini sikufundishwa nikiwa mdogo: chukua jibu lako, lirudishe mahali safari ilipoanzia, kisha tembea nalo uone kama utafika. Anza na 800. Ongeza asilimia 20 ya 800, ambayo ni 160. Unafika 960. Hujafika 1,000, umeachwa njiani na shilingi 40 mfukoni. Sasa jaribu 25. Asilimia 25 ya 800 ni 200. Umefika.

Mpwa wangu alifanya hilo jaribio mwenyewe kwenye kona ya karatasi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, haifiki. Lakini hiyo ni kwa sababu umeanza na 800. Ukianza na 1,000 ukirudi nyuma, 20 ndiyo inafika, 25 haifiki."

Mtoto ana hoja, na hoja yenyewe si ndogo. Wachumi wanaifahamu. Wanapotaka kupima jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei, mara nyingi hukataa kuchagua upande. Wanachukua katikati ya bei mbili, yaani 900, na kugawanya 200 kwa hiyo. Wanapata kama asilimia 22.2, na jibu linakuwa lile lile ukipanda au ukishuka. Kwa hiyo hakuna sheria ya mbinguni inayokataza nambari nyingine kukaa chini. Basi ya zamani imepewaje kiti?

Nafikiri sababu ya kwanza ni wakati. Neno "kupanda" linasimulia tukio, na tukio lina kabla na baada. Bei ikiwa 800, mtu aliye pale dukani hajui kesho itakuwa ngapi. Anachokijua, anachokishika, anachopangia bajeti ni 800. Ukimwambia "itapanda kwa robo," anaweza kupiga hesabu sasa hivi. Ukimwambia "itapanda kwa asilimia 20 ya bei ambayo hujaiona bado," umempa kitendawili. Kwa hiyo mabadiliko hupimwa kwa kile kilichokuwepo, kwa sababu ndicho kilichobadilishwa. Asiyekuwepo hawezi kubadilishwa.

Lugha yetu yenyewe inatukumbusha, ingawa sisi Wakenya tunaosoma hesabu kwa Kiingereza hatusikii. Watoto wa Tanzania wanaojifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi huiita nambari ya juu ya sehemu "kiasi" na ya chini "asili." Asilimia ni asili iliyo mia. Najua neno si ushahidi. Lakini mtu akikwambia "asilimia 20," lugha imekupa haki ya kumuuliza: asili yenyewe ni ipi?

Sababu ya pili ilinishangaza zaidi, na niliigundua tukicheza na nambari pale mezani. Nilimwambia, hebu tufuate njia yako tuone itatupeleka wapi. Bei ikitoka 800 ikawa 1,600, imepanda mara mbili. Kwa njia yake, tofauti ni 800, gawa kwa 1,600, unapata asilimia 50. Ikitoka 800 ikawa 8,000, yaani mara kumi, tofauti ni 7,200, gawa kwa 8,000, unapata asilimia 90. Ipandishe hadi milioni moja ukitaka. Hutafika asilimia 100 kamwe, kwa sababu tofauti haiwezi kuizidi bei mpya yenyewe. Kwa njia hii kila kupanda kunaonekana kudogo.

Sasa geuza. Bei itoke 1,000 ishuke hadi 100. Kwa njia ya kawaida imeshuka asilimia 90. Kwa njia ya kuanzia na bei mpya, tofauti ni 900, gawa kwa 100, imeshuka asilimia 900. Mpwa wangu akacheka. Kitu kikishuka asilimia 100 kimekuwa bure. Kikishuka asilimia 900, si mwenye duka ndiye anakulipa ukichukue? Lakini watu wazima husema hivyo hadharani. Mwaka 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza zaidi ya mara moja kwamba bei ya dawa kwao ingeshuka kwa asilimia 1,000 na zaidi. Hakuna nambari ya awali duniani inayoweza kuzaa jibu hilo. Ukitaka kulipata, lazima uanzie mwisho.

Kwa hiyo kuanzia mwisho hakukosei tu huku na kule kwa bahati. Kunaegemea upande mmoja. Kunapunguza kila kilichopanda na kukuza kila kilichoshuka. Nikiwa mwenye nyumba, nikiwa muuzaji, nikiwa serikali, ningependa sana hesabu ya aina hiyo.

Hapo ndipo kicheko kilinikauka, kwa sababu nilikumbuka barua.

Aprili 2020, ofisi niliyofanyia kazi ilikata mishahara yetu kwa asilimia 20. Hatukulalamika. Watu walikuwa wanafutwa kila mahali, na mwenye kazi alikuwa na bahati. Mimi nilikuwa napata shilingi 50,000 kabla ya kodi. Nikaanza kupata 40,000. Februari 2021 ikaja barua nyingine, na hiyo ilitufurahisha kweli. Ilisema usimamizi unatushukuru kwa uvumilivu wetu, na kwamba mishahara inarejeshwa kwa asilimia 20, sawa na ile iliyokatwa. Nakumbuka tulipiga makofi. Nilimpigia mamangu simu.

Asilimia 20 ya 40,000 ni 8,000. Mshahara wangu ukawa 48,000.

Utaniuliza, hukuona? Niliona pesa hazijafika pale nilipozoea. Lakini serikali ilikuwa imepunguza kodi ya mishahara Aprili 2020 na kurudisha kiwango cha juu cha asilimia 30 Januari 2021, kwa hiyo nambari zote kwenye hati ya malipo zilikuwa zimesogea. Nilidhani ni kodi. Na barua ilikuwa imeandika 20 na 20. Walichukua ishirini, wamerudisha ishirini. Nani anahesabu mara ya pili kitu kinachoonekana kimesawazika hivyo?

Niliondoka hapo mwisho wa Machi 2023. Kuanzia Februari 2021 ni miezi 26. Kila mwezi shilingi 2,000. Nilifanya hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani ya mpwa wangu, chini ya ile X: shilingi 52,000. Zaidi ya mshahara wangu kamili wa mwezi mmoja. Ili 40,000 irudi 50,000 walihitaji kuongeza asilimia 25. Ni zile zile mbili nambari za mtoto, 800 na 1,000, ila zimevaa suti.

Sasa angalia. Mtoto wa Gredi ya Saba na ofisi yenye mhasibu wamefanya kosa moja. Wote wawili walidhani asilimia inakaa ndani ya tofauti, kwamba ukipanda ngazi kwa 20 utashuka kwa 20 na utakutana na mlango ule ule. Mmoja alipoteza alama mbili siku ile ile. Mwingine alishukuriwa kwa makofi na akabaki na pesa za watu kwa miaka miwili. Hiyo ndiyo iliyonitoa usingizi, zaidi ya pesa zenyewe. Shuleni kosa lina X. Nje ya shule halina.

Je, waliniibia? Nimelizungusha swali hili kwa wiki kadhaa. Nilimwandikia mtu niliyefanya naye kazi, ambaye alikuwa upande wa uhasibu, nikamwelezea. Akajibu: "Lakini si walisema asilimia 20? Wakaongeza asilimia 20. Barua na malipo vinalingana." Na kwa njia fulani yuko sawa. Hakuna shilingi iliyofichwa. Kila mtu angeweza kuzidisha 40,000 kwa 1.2. Kama uongo ni kusema kisichokuwepo, barua haikusema kisichokuwepo.

Lakini barua ilikuwa na maneno mawili yanayogombana. Nambari ilisema asilimia 20. Neno lilisema "kurejesha." Kurejesha ni ahadi ya mahali. Ukinirejeshea baiskeli yangu, siwezi kupokea gurudumu moja na maelezo. Nambari na neno vikipingana, nadhani neno ndilo linalobeba ahadi, kwa sababu neno ndilo tulilopigia makofi. Hakuna mfanyakazi aliyefurahi akisema "nimeongezewa 8,000." Tulifurahi tukisema "tumerudi."

Kuhusu nia, mimi si wa kusoma mioyo ya watu. Inawezekana kabisa aliyeandika barua aliamini kwamba ishirini na ishirini zinakutana, kama mpwa wangu. Nimeona watu wenye digrii wakiamini. Lakini kuna jambo moja ambalo linaweza kuangaliwa bila kusoma moyo wa mtu. Kosa la bahati mbaya huangukia pande zote: leo linakuumiza, kesho linanifaidi. Kosa ambalo kila mara linamwangukia mmoja, na ni yule asiyeshika kalamu, linahitaji kuangaliwa tena hata kama aliyelifanya ni mtu mwema. Mwenye kalamu ana wajibu ambao mwenye kupokea hana. Anapotaja asilimia, aseme ni ya nini. "Tunaongeza asilimia 20 ya mshahara wa sasa" ni sentensi moja tu. Ingeandikwa hivyo, yeyote kati yetu angeuliza swali siku hiyo hiyo, na labda ndiyo sababu nzuri ya kuiandika.

Nami nina sehemu yangu. Nilikuwa na kalkuleta kwenye simu. Kutokagua hakukunifanya mwizi, lakini kulifanya kosa lao liishi miezi 26.

Nilitaka kuishia hapo, na somo rahisi: anza na ya zamani kila wakati. Kisha mpwa wangu akaniharibia, maana amekuwa mtu wa maswali. Kakake mkubwa huandikia watu wa ng'ambo makala na kulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufika Aprili ilikuwa karibu 130. Kaka alikuwa ananuna nyumba nzima kwamba amepoteza karibu asilimia 19, huku mtu kwenye redio akisifu kwamba shilingi imepata nguvu kwa asilimia 23. "Sasa hapo," akaniuliza, "nani apewe X?"

Tukakaa chini. Kaka akilipwa dola 100, alikuwa anabadilisha anapata 16,000. Sasa anapata 13,000. Amepoteza 3,000 kutoka 16,000, ambayo ni asilimia 18.75. Kaka yuko sawa. Sasa mfikirie mtu mwingine, mwenye duka anayeagiza simu kutoka nje, ambaye ana shilingi 20,800. Kwa 160 alikuwa anapata dola 130. Kwa 130 anapata dola 160. Ameongeza dola 30 juu ya 130 za awali, ambayo ni kama asilimia 23. Redio iko sawa pia.

Ukiangalia haraka utadhani redio imefanya kosa la mpwa wangu: si imechukua 30 ikagawanya kwa 130, ile nambari mpya? Hapana. Kila mmoja ameanza na ya zamani. Ila si zamani ya kitu kimoja. Kaka anapima dola yake ilinunua shilingi ngapi, mwenye duka anapima shilingi yake ilinunua dola ngapi. Nambari zimefanana, asili zimetofautiana. Kwa hiyo kanuni ya mwalimu haijavunjika, lakini kuna swali linalotangulia kanuni, na mtihani hukujibia kabla hujauliza: ni kitu cha nani kilichobadilika? Mtihani unakwambia "bei ya viatu." Maisha hayakwambii. Habari inakuja na asilimia moja tu, na aliyeichagua amekuchagulia pia ni nani wa kusherehekea.

Basi nikaamua nini kuhusu ile X? Nilimwambia mpwa wangu kwamba mwalimu alikuwa sahihi kumnyima alama. Swali lilitaja kitu, likataja kilikotoka, likauliza kilipanda vipi. Jibu la 20 halifiki. Hata alama ya njia hakustahili, kwa sababu njia ndiyo iliyopotea. Kutoa 800 kwenye 1,000 kila mtu anaweza. Lakini natamani mwalimu, badala ya 25 peke yake, angeandika pembeni maneno mawili: "ya nini?" Hapo mtoto angejua kwamba hakuandika upuuzi. Alijibu swali la nyanya yake kwenye karatasi ya mwalimu.

Na swali la nyanya yake lilikuwa halijaisha. Mwezi uliopita bei ya viatu Gikomba ilipanda, na jozi iliyokuwa 800 ikawa 900. Mamangu, ambaye anataka kubaki na soo mbili zake kwa kila ngiri, alipiga hesabu ambayo wengi wetu tungepiga. Asilimia 20 ya 900 ni 180, jumla 1,080. Akaanza kuuza hivyo. Jumamosi ya pili mpwa wangu akamwambia, "Shosho, hapo unajipunja."

"Najipunja aje? Si ni ishirini?"

Mtoto akamwelezea taratibu, akimwonyesha na noti. Ukiuza 1,080 faida ni 180. Hiyo ni chini ya asilimia 17 ya pesa inayoingia. Ukitaka ishirini katika kila mia inayoingia, basi zile 900 za Gikomba lazima ziwe themanini katika kila mia. Gawa 900 kwa 80, zidisha kwa 100. Unapata 1,125. Kagua: moja juu ya tano ya 1,125 ni 225, toa, inabaki 900. Imefika. Hapa nambari ya chini ndiyo hiyo bei mpya ambayo shuleni ilimletea X, na hapa ndiyo yenyewe, kwa sababu shosho haulizi bei imepanda kiasi gani. Anauliza yake ni ngapi katika kila anachopokea.

Kila jozi aliyouza kwa 1,080 ilikuwa imemtoka shilingi 45. Mamangu alitazama ile noti, akatazama mjukuu wake, akasema, "Na hizo wiki mbili zilizopita nani atanirudishia?"

Nilimwambia tuko wawili. Ile barua yangu ya 52,000 nimeiandika na kuituma, nimeweka hesabu yote ndani, kutoka 50,000 hadi 48,000, na mstari mmoja unaouliza ishirini ile ilikuwa ya nini. Hadi leo hawajajibu. Viatu vya mamangu sasa vinaanzia 1,150, ili mteja apate nafasi ya kuvuta bei chini kidogo.